Skrini ya Kwanza Haina Kazi ya Kueleza Programu

Toleo la kwanza la programu yetu ya kukumbusha watu kumeza dawa lilikuwa na slaidi tano za ukaribisho, na mimi ndiye niliyezichora. Ya kwanza ilitaja jina la programu na kumkaribisha mtumiaji, ya pili ilieleza vikumbusho, ya tatu ilieleza ripoti ya mwezi, ya nne ilieleza namna ya kumshirikisha mtu wa karibu anayekuangalia, na ya tano ilieleza jinsi programu itakavyokuonya dawa zinapokaribia kuisha. Baada ya slaidi hizo ilikuja fomu ya kufungua akaunti, kisha tarakimu sita za kuthibitisha namba ya simu, kisha maombi matatu ya ruhusa yaliyofuatana bila kupumua: arifa, kamera na orodha ya majina ya simu. Aliyevumilia yote hayo alifika kwenye skrini kuu, akapokewa na viputo sita vya maelezo vinavyoruka kutoka kitufe kimoja hadi kingine. Mpaka hapo alikuwa hajaandika hata jina la dawa moja.

Nilikuwa nikiuona mfuatano huo kuwa wa kiungwana. Kila jambo lilikuwa limeelezwa, michoro ilikuwa mizuri, na kwenye kona ya juu palikuwa na neno «Ruka» kwa mwenye haraka. Fikra hiyo ilinitoka siku nilipoketi kando ya watu wachache, mmoja baada ya mwingine, nikiwatazama wakiifungua programu kwa mara ya kwanza bila mimi kusema neno. Nilichokiona kwanza ni mdundo wa kidole gumba. Slaidi ya kwanza ilitazamwa kwa kitambo kidogo, ya pili kwa kitambo kifupi zaidi, na kuanzia ya tatu kidole kilikuwa kikitelezesha kabla macho hayajatua. Nilipomuuliza kijana mmoja, dakika moja baadaye, slaidi ya tatu ilisema nini, alicheka akasema kwamba ilikuwa na picha ya rangi ya bluu.

Aliyenifundisha zaidi ni mama mmoja wa makamo aliyekuja na boksi la dawa yake ya shinikizo la damu mkononi. Alilishika muda wote, lebo ikimwelekea yeye, kama mtu aliyejiandaa kunakili. Alipofika kwenye fomu ya akaunti alilishusha mezani, akanitazama, akasema: «Mwanangu, hili nenosiri ni la nini? Mimi nimekuja na dawa.» Sikuwa na jibu, na hata kama ningekuwa nalo, jibu hilo halingekuwa kwenye skrini aliyokuwa akiitazama.

Jambo hili si geni kwa wanaochunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta. Mwaka 1987 John Carroll na Mary Beth Rosson waliandika kuhusu kitendawili cha mtumiaji mwenye shughuli: mtu anayeanza kutumia chombo kipya angenufaika akitenga muda wa kujifunza, lakini hatengi, kwa sababu kilichomleta ni kazi yake mwenyewe na siyo chombo. Anaanza mara moja, anakisia, na anaendelea na kile kinachoelekea kufanya kazi. Slaidi tano zinamtaka aache kazi yake ili ajifunze kwanza, naye anakataa kwa kidole gumba. Tena maelezo yanayotangulia kitendo hayana pa kujishikiza. Unapomwambia mtu «gusa kwa muda mrefu ili kuahirisha dozi» wakati bado hana dozi hata moja kwenye skrini, unampa jibu la swali ambalo hajaliuliza, na swali litakapokuja siku ya tatu, jibu litakuwa limekwisha kupotea.

Kwa hiyo tulipoanza upya tulibadilisha swali. Badala ya kuuliza mtu anahitaji kujua nini kuhusu programu, tuliuliza ni kitendo gani cha kwanza kitakachomfanya aone kwa macho yake, au tuseme kwa masikio yake, kwamba programu inamfaa. Kwa programu ya kukumbusha dawa kitendo hicho ni kimoja: kuweka dawa moja na saa yake, kisha kengele kulia saa ikifika. Kila kilichokuwa kati ya kufungua programu na kengele hiyo kilitakiwa kujieleza kwa nini kipo pale.

Skrini ya ukaribisho yenyewe ilibaki na vitu vinne. Juu kuna sentensi moja kubwa: «Weka dawa yako, tutakukumbusha saa ya kuimeza.» Chini yake kuna mstari mdogo unaosema kwamba taarifa za dawa zinabaki kwenye simu mpaka utakapoamua vinginevyo, kwa sababu tuliona kuwa swali la siri lilikuwa likiwajia watu mapema, na kimya chetu kilisomeka kama kuficha. Kisha kuna kitufe kimoja kilichoandikwa «Weka dawa ya kwanza», na chini kabisa kiungo chembamba cha «Tayari nina akaunti» kwa aliyebadilisha simu. Huyo wa mwisho husahaulika sana. Mtu aliyetumia programu mwaka mzima, akanunua simu mpya, analazimishwa kupita tena njia ya mgeni, na akifika mwisho wake anakuta programu tupu na anaamini kumbukumbu zake zimefutwa.

Sentensi ile moja ilitugharimu muda kuliko michoro yote ya toleo la kwanza. Matoleo yake ya awali yaliongea kuhusu sisi: «Msaidizi wako wa afya», «Dhibiti matibabu yako kwa urahisi». Ukimwonyesha mtu maneno hayo kisha ukamuuliza programu inafanya nini, anaweza kujibu kwamba inatafuta madaktari, au inapima mapigo ya moyo. Kipimo chetu kikawa hicho hicho: mwonyeshe mtu skrini kwa sekunde chache, ifunike, muulize itafanya nini akigusa kitufe. Asipoweza kusema, sentensi haijaiva. Na neno la kwenye kitufe lina uzito wake. «Endelea» halisemi unaendelea wapi, na «Anza» ni afadhali kidogo tu, lakini «Weka dawa ya kwanza» linamwambia aliyeshika boksi kwamba amefika mahali pake.

Kuna kosa moja la umbo ambalo hatukuliona kwenye simu zetu wenyewe. Watu wengi wanaomeza dawa za kila siku wamekuza maandishi ya simu zao, na maandishi yakikuzwa hadi mara mbili, sentensi yetu ilijaa skrini nzima na kitufe kikasukumwa chini, nje ya macho. Aliyekuwa akitazama aliona tangazo lisilo na mlango. Tuliifanya sehemu ya maandishi iweze kusogezwa na kitufe kikakaa palepale chini, kisichosukumwa na chochote. Tangu hapo hakuna skrini ya ukaribisho ninayoikubali kabla sijaitazama kwa maandishi makubwa kabisa ambayo simu inaruhusu.

Baada ya kitufe kunakuja maswali matatu, moja kwa kila skrini: dawa inaitwaje, unaimeza saa ngapi, na unameza kiasi gani kila mara. Fomu ya zamani ilikuwa na sehemu kumi na moja, zikiwamo rangi ya kidonge, kabla au baada ya chakula, tarehe ya kumaliza na jina la daktari. Tulizipitisha zote kwenye jaribio moja: je, kengele ya kwanza inaweza kulia sawasawa bila jibu hili? Rangi ya kidonge ilitoka, jina la daktari likatoka, tarehe ya kumaliza ikatoka. Yote yapo bado, lakini yapo ndani ya ukurasa wa dawa yenyewe, ambako mtu huingia akiwa na sababu.

Jaribio hilo lina mipaka yake. Swali la siku lilitushinda kwa muda: dawa nyingi humezwa kila siku, basi tulitaka kulichukulia hivyo bila kuuliza, lakini zipo dawa za mara moja kwa wiki ambazo zikimezwa kila siku zinaweza kumuua mtu. Tulichofanya ni kuandika neno «Kila siku» kwa maandishi makubwa kwenye skrini ya saa, likiwa linaguswa na kubadilishwa, ili dhana yetu ionekane badala ya kujificha. Kiasi cha dozi hatukukijaza kabisa. Mbuni wa skrini huzoea kujaza majibu ya kawaida mapema ili kumpunguzia mtu kazi, na kwa mambo mengi ni desturi njema, ila pale ambapo jibu lililojazwa likipita bila kusomwa linaleta madhara, sehemu tupu ndiyo salama. Mtu akiikuta tupu atalitazama boksi.

Sasa nifike kwenye ruhusa ya arifa, ambayo kwa programu ya aina hii ndiyo roho ya mambo, na ambayo ndiyo tuliyoiharibu zaidi. Kwenye simu za iOS, programu inaweza kuonyesha dirisha la mfumo la kuomba arifa mara moja tu. Mtu akikataa, ombi lolote la baadaye linarudi na jibu lilelile bila dirisha kuonekana, na njia iliyobaki ni mtu mwenyewe kuingia kwenye mipangilio ya simu. Kwenye Android, kuanzia toleo la 13 la mwaka 2022, programu iliyosakinishwa upya haina haki ya kutuma arifa mpaka iombe ruhusa ya `POST_NOTIFICATIONS`, na mtu akikataa mara mbili mfumo huacha kuuliza. Maana yake ni kwamba una risasi moja, au mbili kwa bahati nzuri. Sisi tulikuwa tukiifyatua dakika ya kwanza, kwa mtu ambaye bado hajui sisi ni nani, na katikati ya maombi mengine mawili ambayo hakuwa na haja nayo siku hiyo. Aliyekataa hakukosea hata kidogo. Alijilinda, kisha akawa na programu ya kukumbusha isiyoweza kukumbusha, na kwa kuwa haikumwambia lolote, alisubiri kengele ambayo haikulia.

Tulilihamisha ombi hilo hadi sekunde inayofuata baada ya mtu kujaza kiasi cha dozi. Hapo amekwisha kuandika kwamba anataka kukumbushwa saa mbili usiku, hivyo ombi ni sehemu ya neno alilolisema yeye. Kabla ya dirisha la mfumo tunaonyesha skrini yetu yenye mstari mmoja: «Ili kengele ilie saa mbili usiku, simu itakuuliza kama inaruhusu.» Chini yake kuna kitufe kimoja tu kinachoita dirisha la mfumo. Hapo mwanzo tuliweka vitufe viwili, kimoja cha kukubali na kingine cha «Baadaye», tukidhani tunampa uhuru. Kumbe tulikuwa tukimuuliza swali lilelile mara mbili kwa sauti mbili, na waliochagua «Baadaye» hawakuwa na mahali pa kurudia uamuzi wao. Uhuru wa kukataa upo kwenye dirisha la mfumo lenyewe.

Mwenzetu mmoja alipendekeza tutumie ruhusa ya muda ya iOS, iliyoanza na toleo la 12, ambayo humwezesha mwenye programu kutuma arifa bila kuomba kwanza. Pendekezo lilisikika tamu, lakini arifa za namna hiyo huingia kimya kwenye orodha ya arifa, bila mlio na bila kujitokeza kwenye skrini iliyofungwa. Kwa programu ya habari zinaweza kutosha, ila dawa ya saa mbili usiku haiwezi kusubiri mpaka mtu apitie orodha asubuhi.

Akikubali, hatumwambii «Hongera». Tunamwonyesha kitufe cha «Sikia kengele yako», na akikigusa arifa halisi inakuja baada ya sekunde chache, ikiwa na jina la dawa yake na vitufe viwili, «Nimemeza» na «Nikumbushe baadaye». Hiki ndicho kipande cha mafunzo ninachojivunia kuliko vyote, kwa sababu kilichukua nafasi ya viputo vitatu bila kueleza lolote. Mtu anasikia mlio, anaona mahali arifa inapotokea, anajua kuahirisha kunafanywaje, na kama simu yake iko kimya anagundua sasa, akiwa bado ameishika, badala ya kugundua kesho.

Akikataa, programu haimsumbui wala haimzuii. Dawa yake inahifadhiwa, naye anafika skrini kuu, ambako juu ya orodha kuna ukanda usiofungika unaosema: «Kengele haitalia, kwa sababu arifa zimezimwa.» Kuugusa kunampeleka moja kwa moja kwenye mipangilio ya programu hii ndani ya simu, siyo kwenye ukurasa wa mwanzo wa mipangilio anakoweza kupotea. Hali ya ruhusa tunaikagua kila mara programu inapofunguliwa, kwa kuwa watu huzima arifa wiki moja baadaye kwa sababu zao na husahau kwamba walizima. Ukanda unaotoweka wenyewe baada ya arifa kuwashwa ni bora kuliko dirisha la lawama.

Akaunti tuliiahirisha hadi baadaye kabisa. Haina kazi yoyote katika kuifanya kengele ilie, kwa hiyo haikuwa na haki ya kukaa mlangoni. Inaombwa sasa katika nafasi mbili tu: mtu anapotaka kumshirikisha mtu wa karibu, ambapo hitaji lake linaonekana lenyewe, au baada ya siku kadhaa za matumizi, kwa kadi ndogo inayosema ukweli kwamba simu ikipotea, orodha ya dawa itapotea nayo. Wenzetu wa upande wa biashara hawakufurahi, nami siwalaumu, maana namba za akaunti zilizofunguliwa siku ya kwanza zilishuka sana. Tulichobishania ni kama akaunti ya mtu ambaye hakuweka dawa hata moja ina thamani yoyote.

Hilo linanileta kwenye namna ya kujua kama mfuatano unafanya kazi. Toleo la zamani lilikuwa likipima «ukaribisho umekamilika», yaani mtu aliyefika slaidi ya tano, na kipimo hicho kilitupumbaza miezi mingi, kwa sababu kila mtu hufika slaidi ya tano: hiyo ndiyo maana ya kutelezesha. Sasa tunarekodi matukio haya matano, kwa mpangilio huu:

```
ukaribisho_umeonekana
dawa_ya_kwanza_imewekwa
ruhusa_imeombwa
ruhusa_imekubaliwa
dozi_ya_kwanza_imethibitishwa
```

Kinachosomwa ni pengo kati ya mstari mmoja na unaofuata. Pengo likiwa kubwa kati ya wa kwanza na wa pili, sentensi ya ukaribisho haieleweki au moja ya maswali matatu ni gumu, na hapo unapaswa kurudi kukaa na watu na kuwatazama, maana namba haitakuambia ni lipi. Pengo kati ya wa tatu na wa nne ni la skrini inayotangulia dirisha la mfumo. La mwisho ndilo lenye mtego: mtu anaweza kukosa kuthibitisha dozi kwa sababu kengele haikulia, au ililia akameza dawa bila kugusa simu. Simu nyingine huzilaza programu ili kuokoa betri na kuchelewesha arifa, na tatizo hilo hakuna skrini ya ukaribisho itakayolitibu. Tulipoona pengo hilo halipungui hata baada ya kubadilisha maneno mara mbili, mhandisi wetu ndiye aliyepata dawa yake, siyo mimi.

Vilibaki vile vitu vilivyokuwa vikijaza slaidi na viputo. Hatukuvitupa, tulivitafutia saa yake. Tulijiwekea masharti mawili: kidokezo kimoja tu kwa kila mara programu inapofunguliwa, na kidokezo kilichofungwa mara mbili hakirudi tena. Ripoti ya mwezi inajitambulisha mwezi unapokwisha, ikiwa tayari ina siku thelathini za mtu huyo ndani yake badala ya chati ya mfano. Kushirikisha mtu wa karibu kunatajwa baada ya dozi kupitwa mara kadhaa, kwa upole, bila neno linalonuka kama kushtakiwa. Kamera inaombwa pale tu mtu anapogusa kitufe cha kupiga picha boksi la dawa. Orodha ya majina ya simu hatuiombi tena kabisa, kwani ilitosha kumwachia mtu aandike namba moja.

Slaidi ya tano, ile ya dawa kuisha, ndiyo iliyonisumbua zaidi kuipangia mahali, kwa kuwa programu haiwezi kuonya bila kujua boksi lina vidonge vingapi, na swali hilo lilikuwa limeshindwa kwenye jaribio la kengele. Siku nilipoketi tena na watu kuwatazama wakitumia toleo jipya, niliona mahali pake bila kutafuta. Yule mama alikuwa amegusa «Nimemeza» kwenye kengele ya majaribio, akalitikisa boksi sikioni, akasema kama anayeongea peke yake kwamba zimebaki chache. Sasa swali linakuja chini ya uthibitisho wa dozi ya tatu, mtu akiwa bado na boksi mkononi: «Zimebaki ngapi?»